Tangi la maji ya kunywa: plastiki, zege au chuma? Mwongozo kamili kwa nyumba za Unguja na Pemba

Kila kaskazi ikiingia, simu zinazonijia ni zile zile. "Fundi, maji ya tangi yanaunguza." "Fundi, maji yananuka plastiki." "Fundi, mbona kuna ukijani ndani?" Wengi wanaopiga wameshanunua, wameshapandisha tangi juu ya paa, wameshalipa. Ndipo wanauliza wangenunua la aina gani.

Mwaka huu simu iliyonifanya niandike ilitoka Jambiani. Bibi mmoja alinichotea maji kwenye tangi lake jeusi la lita 2000, lililosimama juu ya banda la zege bila kivuli. Ilikuwa saa tisa alasiri. Akanipa kata mkononi, akaniangalia.

"Mwanangu, haya ya kunywa au ya chai?"

Nilitia kipimajoto: nyuzi 39. Nyumba ina watu saba, na hilo lilikuwa tangi lao la tatu. La kwanza lilikuwa la bati la zinki, likatoboka kwa kutu. La pili la plastiki nyeupe, likaota ukijani. Nitafuata kazi tuliyoifanya kwake hatua kwa hatua, kwa sababu makosa yake ndiyo ya karibu kila mtu.

## Andaa hivi kwanza

Kabla ya kwenda dukani, uwe na:

- ndoo ya lita 20 na kalamu ya kuandikia
- kipimajoto chochote kinachoingia majini
- tochi yenye mwanga mkali
- futi ya kupimia
- sumaku, kama una nia ya tangi la chuma

Kwa kazi yenyewe utahitaji matofali, simenti, mchanga wa machimbo, wavu wa mbu usioshika kutu, koki mbili, floti, boriti na makuti ya kivuli, na jiki isiyo na manukato.

## Hatua ya 1: Hesabu maji ya kunywa peke yake

Watu wananunua tangi moja kubwa, halafu maji ya kunywa, ya kufulia na ya chooni yote yanakaa humo. Yatenganishe. Ya kufulia yakiwa vuguvugu hakuna anayeumia.

Kwa Bibi tulihesabu lita 7 kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia. Watu saba ni lita 49, tuseme 50. Maji ya mfereji kwao huja kila baada ya siku tatu, na mara nyingine zamu moja hupita kavu. Kwa hiyo akiba inayotakiwa ni ya siku sita: lita 300. Tangi la lita 500 linamtosha na kubaki.

Sababu ya kutokuchukua kubwa zaidi ni umri wa maji. Lita 2000 kwa matumizi ya lita 50 ni maji ya siku arobaini. Klorini iliyokuja nayo kutoka bombani huisha mapema, na joto huimaliza haraka zaidi. Baada ya hapo hakuna kinachozuia vijidudu kuzaana.

Lakini kuna upande wa pili, na sitaki mtu aje kunilaumu: tangi dogo linapata joto upesi kuliko kubwa. Ukichukua dogo, kivuli cha hatua ya 6 si hiari tena.

Umefaulu ikiwa: una namba moja ya lita, na maji yote ya tangi yanatumika na kubadilishwa ndani ya siku kumi au pungufu.

## Hatua ya 2: Onja maji kabla ya kuchagua

Chota maji yatakayoingia tangini, yaache yapoe, uyaonje. Visima vya uwandani, hasa vilivyo karibu na pwani, vina chumvi, na chumvi ndiyo inayoamua kama chuma kinafaa au hakifai.

Ulimi wa kawaida huanza kuihisi chumvi pale kloraidi inapokaribia miligramu 250 kwa lita. Stenlesi ya kawaida, ile inayoitwa 304, inashauriwa isizidi takriban miligramu 200. Maana yake ni nyepesi: ukiisikia chumvi mdomoni, stenlesi hiyo imeshapita mpaka wake. Kama unataka namba kamili, peleka sampuli maabara uulize kloraidi.

Kuchemsha hakuondoi chumvi. Maji yanapungua, chumvi inabaki.

## Hatua ya 3: Tafuta mahali kabla ya kutafuta tangi

Tangi la kunywa halihitaji kwenda juu ya paa. Paa ni la maji ya bafuni yanayotaka msukumo. Maji ya kunywa unayakinga kwa jagi au ndoo, na kwa hilo kitako cha mita moja kinatosha kabisa. Juu ya paa unalipeleka penye jua kali kuliko kwingine, na hutopanda kulisafisha. Nimeshaona matangi ya paani yenye miaka sita ambayo mfuniko wake haujawahi kuguswa.

Upande wa mashariki wa nyumba ndio mzuri. Jua la asubuhi litalipiga, lakini asubuhi maji bado yana ubaridi wa usiku. Jua la alasiri, ambalo ndilo linalochemsha, litazuiwa na nyumba yenyewe. Kibaraza cha uani chenye kivuli cha mwembe pia ni kizuri, ilimradi majani na kinyesi cha ndege visiingie.

Kwa tangi la kuchimbia chini, pima umbali kutoka kwenye karo na choo. Mita 15 ni kidogo sana kwa ardhi ya matumbawe. Jiwe letu lina nyufa na mapango madogo, na maji machafu hupita humo kama bombani, bila kuchujwa na udongo. Mimi nataka mita 30, na tangi liwe upande wa juu wa mteremko. Kwenye kiwanja cha Bibi karo lilikuwa hatua kumi na mbili kutoka mahali pekee palipobaki wazi. Tangi la chini likaishia hapo hapo, hatukulizungumza tena.

## Hatua ya 4: Chagua kati ya matatu

### Plastiki

Hili ndilo litakalowafaa walio wengi, na hasa wanaoishi karibu na bahari. Halishiki kutu, chumvi hailifanyi kitu, linabebeka kwa gari dogo. Udhaifu wake ni mwili mwembamba: joto la nje linafika kwenye maji siku hiyo hiyo.

Ugomvi wa rangi unatokana na mambo mawili yanayovutana. Mwani, ule ukijani, hauoti bila mwanga. Tangi jeupe la tabaka moja linapitisha mwanga, ndiyo maana la pili la Bibi liliota. Jeusi linazuia mwanga lakini linakunywa jua. Linalotakiwa ni la tabaka mbili au tatu: nje rangi nyepesi, ndani jeusi. Ukitazama ukingo wa mdomo mahali lilipokatwa, tabaka zinaonekana kama za keki.

Dukani fanya majaribio mawili, usione haya.

Kwanza, mwanga. Mwambie mwenzako ashike tochi nje, igusane na ubavu. Wewe ingiza kichwa mdomoni mwa tangi, ujifunike kanga au koti mwanga wa juu usipite. Ukiona doa linang'aa ukutani, mwani utaliona pia.

Pili, harufu. Funga mfuniko liwe juani robo saa, kisha fungua unuse mara moja. Harufu nyepesi ya plastiki mpya ni kawaida. Harufu ya mafuta, sabuni au ya kitu kilichoungua inaashiria plastiki chakavu iliyoyeyushwa tena, na hiyo haiondoki kwa kuosha. Tafuta pia alama ya ubora ya ZBS au TBS na maandishi kwamba linafaa maji ya kunywa.

Usipake rangi wala chokaa tangi la plastiki ukidhani litapoa. Haishiki. Mvua mbili za masika na yote iko chini.

### Zege

Kwa ubaridi, zege ndiyo bingwa. Ukuta mnene unachukua joto polepole mchana na kulitoa usiku, na tangi lililo chini ya ardhi hukaa karibu na wastani wa joto la mwaka mzima, ambao kwetu ni kama nyuzi 26 au 27. Kama una kiwanja, umbali na karo, na mwashi anayejua kazi ya maji, lijenge.

Linaharibika pale mwashi anapoharakisha. Mambo yanayolifanya livuje au liingize uchafu ni haya:

Mchanga wa pwani. Chumvi yake inakula nondo. Nondo ikishika kutu inavimba na kupasua zege kutoka ndani. Weka mchanga kiganja kimoja kwenye glasi ya maji matamu, koroga, uache utulie, gusa maji kwa ulimi. Yakiwa na chumvi, rudisha gari. Maji ya kuchanganyia nayo yawe matamu.

Mchanganyiko mwepesi. Kitako: simenti 1, mchanga 2, kokoto 3. Lipu ya ndani: simenti 1 kwa mchanga 3, mikono miwili, na niru juu yake kabla haijakauka. Pembe za ndani zisiwe kali, zizungushwe kwa chupa, kwa sababu ufa huanzia pembeni na uchafu hujificha humo.

Kukauka haraka. Hapa ndipo penye hasara kubwa. Zege inahitaji unyevu ili ishikane, jua likilikausha siku ya pili litakuwa na nyufa ndogo zisizoonekana. Funika kwa magunia na ulowanishe asubuhi na jioni siku saba.

Kabla ya kunywa, jaza, acha siku tatu, mwaga nje. Rudia. Maji ya mwanzo yana chokaa inayotoka kwenye simenti. Utaijua kwa ladha chungu na kwa utelezi vidoleni kama maji ya sabuni. Utelezi ukiisha, endelea.

Kujua kama linavuja, jaza tena, piga mstari wa kalamu kwenye kina cha maji, funika, angalia baada ya saa 24. Zege kavu hunywa maji kidogo siku ya kwanza, hilo lisikutishe. Ikiwa siku ya tatu maji bado yanashuka, kuna ufa.

Mdomo wa tangi la chini uinuke sentimita 30 juu ya ardhi ili maji ya mvua yasiingie. Na karibu na bahari, ambako maji ya ardhini yapo juu, usiliache tupu wakati wa masika. Tangi tupu linaweza kuinuliwa na maji ya chini kama mtumbwi, likapasuka.

Tahadhari: asiingie mtu peke yake ndani ya tangi la zege, na pampu ya petroli isiwashwe ndani wala mdomoni. Hewa humo huisha bila dalili.

### Chuma

Hapa sitokaa sana. Bati la zinki, kwa nyumba ya mashariki inayopigwa na upepo wa kusi kutoka baharini, ni kununua kutu ya mkopo. Zinki ikiisha kwenye kiungo kimoja, shimo linafuata, na ikiwa bomba linaloingiza maji ni la shaba mambo huenda mbio zaidi.

Stenlesi ni habari nyingine. Ni safi, haina harufu, haioti mwani, inaoshwa kwa urahisi. Lakini ipo 304 na ipo 316, na ya pili ndiyo inayovumilia chumvi zaidi. Sumaku itakuonesha kama umeuziwa chuma cha kawaida kilichong'arishwa, maana stenlesi hizi haziivuti au zinaivuta kidogo sana. Haitakwambia kama ni 304 au 316. Hilo liombe kwa karatasi ya muuzaji. Angalia maungio ya kuchomelea, kutu huanzia hapo kama vitone vyekundu. Na juani chuma hupata joto upesi, kwa hiyo kivuli kinahitajika vile vile.

Nikipata nyumba ya ndani kisiwani, maji matamu, tangi chini ya paa, stenlesi siikatai. Pwani siipendekezi.

Kwa Bibi: chumvi ilisikika mdomoni na upepo wa bahari ulikuwa mlangoni, chuma kikatoka. Karo lilikuwa karibu, zege la chini likatoka. Zege la juu lilikuwa na nafasi, lakini mwashi wa kuaminika hakupatikana kabla ya Ramadhani. Tulichukua plastiki ya tabaka mbili, lita 500.

## Hatua ya 5: Kitako na mabomba

Lita 500 ni kilo 500, mbali na tangi lenyewe. Jenga kitako cha matofali kilichojazwa na kusakafiwa, kipana kuliko tangi kwa kiganja kila upande. Sehemu yote ya chini ya tangi la plastiki lazima iguse sakafu. Likikaa juu ya boriti zenye nafasi katikati, tumbo linashuka, na baada ya miezi linapasuka. Kijiwe kimoja cha tumbawe kilichosahaulika chini kinatosha kulitoboa, kwa hiyo fagia, kisha pitisha mkono.

Mabomba ni manne:

1. La kuingiza, juu, lenye floti ya kufunga likijaa.
2. La kunywea, sentimita 10 kutoka chini. Mchanga na tope hutua chini, usiyanywe.
3. La kuoshea, chini kabisa, lenye koki yake. Wengi huliacha kupunguza gharama, kisha kila usafi unakuwa wa kupindua tangi.
4. La kufurikia, juu, mdomo wake umefungwa wavu wa mbu.

Mbu wa dengi anapenda hasa maji safi yaliyotulia. Tundu lolote linalopitisha kidole limeshampitisha yeye.

## Hatua ya 6: Kivuli

Simamisha boriti nne, paa la makuti juu, pana kuliko tangi kwa nusu mita kila upande. Acha nafasi ya angalau sentimita 30 kati ya makuti na mfuniko, upepo upite. Makuti yakilala juu ya tangi yanashika joto, na panya wanapata nyumba. Upande wa magharibi, kama hakuna ukuta, ning'iniza makuti hadi chini.

Bati juu ya tangi pia linatoa kivuli, lakini lenyewe hupata moto na kulirushia tangi. Ukilazimika kutumia bati, liinue zaidi.

## Hatua ya 7: Osha na utie klorini

Sugua ndani kwa brashi laini na maji tu, toa yote kwa bomba la kuoshea. Jaza tena, kisha tia jiki. Jiki nyingi zina klorini asilimia 3.5, soma kibandiko. Kwa asilimia hiyo, lita 500 zinahitaji karibu mililita 700. Fungua koki ya kunywea hadi harufu ya klorini itoke, funga, acha usiku kucha. Asubuhi mwaga yote uwanjani, mbali na mimea na mbali na karo, kwani itaua vijidudu vinavyosaga uchafu humo. Suuza, jaza ya kunywa.

Tahadhari: kipimo hiki ni cha kuoshea, maji haya hayanywewi. Usichanganye jiki na dawa yoyote ya chooni, hutoka gesi inayochoma mapafu. Rudia kazi hii kila miezi sita, mimi hufanya kabla ya masika na kabla ya kaskazi.

## Utajuaje kama kuna kosa

- Ukijani au utelezi ukutani: mwanga unaingia. Angalia mfuniko kwanza, ubavu baadaye.
- Harufu ya yai bovu: tope limekaa chini muda mrefu. Fungua koki ya kuoshea.
- Viluwiluwi: wavu umetoboka au mfuniko haukai sawa.
- Maji yametiwa wekundu wa kutu: kama tangi ni la plastiki au zege, tatizo liko kwenye bomba.
- Baridi asubuhi, moto alasiri: kivuli cha magharibi hakitoshi.

Hakuna tangi la juu ya ardhi litakalokupa maji baridi kuliko hewa ya kivulini kwa muda mrefu. Anayetaka zaidi ya hapo ajaze mtungi wa udongo jioni, auweke penye upepo. Maji yanayopenya kwenye udongo hukauka nje na kuupoza. Masika, hewa ikiwa na unyevu mwingi, hata mtungi hupunguza nguvu.

Wiki mbili baada ya kumaliza nilirudi Jambiani, saa tisa ile ile, na kipimajoto. Nyuzi 30. Tangi jeusi bado lipo juu ya banda, sasa ni la kufulia. Bibi anasema vyungu vya mafuta havijawahi kutakata vizuri hivi.